Miezi minne na klika: nimemfunza mbwa kaa, lala na tulia bila kumgusa

Mie mlinzi wa gesti Jambiani, na bosi ana mbwa wake jike, koko wa mwaka na nusu, anaitwa Kashata. Shida yake akiingia mgeni tu anamrukia, nikaambiwa nimfunze. Sasa wengine sisi mate ya mbwa yakikugusa ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na video nyingi nilizoangalia jamaa anamkandamiza mbwa kiuno mpaka akae, hiyo kwangu haipo. Ndo nikaagiza klika, kile kidude cha plastiki ukikibinya kinalia tk, elfu 8 mpaka kunifikia kwa boti kutoka Dar.

Mlio wenyewe hauna maana kwa mbwa mpaka uufungamanishe na chakula. Asubuhi kabla hajala nilichemsha maini bila chumvi, nikakata vipande kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nabinya, narusha kipande chini hapohapo, hata sekunde mbili hazipiti, mara 15 hivi halafu basi. Siku ya kwanza alishtuka akatoka mbio, nikaizongea kitambaa na kuibinya ikiwa mfukoni, akatulia. Siku ya pili nikabinya wakati yuko busy ananusa mnazi, akageuza kichwa chap kunitazama, nikajua imeingia.

Kukaa nilimvizia tu. Nasimama na kikombe cha maini kimya, sisemi kitu, akirukaruka hapati, akichoka anainua kichwa kunitazama na makalio yanashuka yenyewe. Makalio yakigusa mchanga tu, tk, na kipande nakirusha hatua mbili mbali ili ainuke akifuate, akirudi ana nafasi ya kukaa tena. Dakika tano na zoezi limeisha, jioni tena. Neno "kaa" nikalitia siku ya nne, alipokuwa kila akinifikia anakaa, maana ukilisema mapema anasikia kelele tu. Kulala hivyohivyo ila nilivizia saa sita mchana kivulini, jua lenyewe linamlaza, nabinya viwiko vya mbele vikigusa chini. Hii ilichukua wiki nzima, nisijidai.

Kutulia ndo kulikonitoa jasho. Namwambia tulia, narudi nyuma hatua tano, anainuka, kila siku, na kadri nnavyofunza ndo anazidi kuinuka upesi. Kijana wa jikoni akanirikodi kwa simu tukaiangalia polepole, loh, makalio yako juu tayari ndo klika inalia! Kumbe namlipa kwa kuinuka. Halafu maini nayatupa mbele yangu, yaani namwita mwenyewe.

Nikaanza upya bila kusogea hata hatua. Amekaa, sekunde moja, tk wakati bado amekaa, kipande kinaanguka katikati ya miguu yake ya mbele asiwe na sababu ya kwenda popote. Halafu sekunde mbili, tatu, narudi mbili, naruka tano, nikichanganya asijue lini. Akiinuka baada ya mlio si kosa lake, mlio maana yake zoezi limekwisha. Akiinuka kabla, hapati kitu, na akikosea mara mbili mfululizo napunguza sekunde. Alipofika 20 ndo nikaanza hatua moja nyuma, na nilikuwa narudi mpaka alipo ndo nabinya, sio nikiwa mbali.

Sasa malalamiko. Baada ya miezi miwili hivi kibati cha ndani kikashika kutu kwa huu upepo wa bahari, mlio ukawa mbovu, mara unatoka mara hautoki. Nikahamia neno, nikachagua "ewaa", kosa kubwa jamani! Barazani kwetu watu wakicheza bao ni ewaa kila dakika, Kashata anawaendea wazee anadai maini, na wazee walivyo na mbwa unawajua. Nikabadilisha likawa "tik!", fupi na hakuna anayelisema huku, nikalifungamanisha upya kwa vipande 15 kama mwanzo.

Kwa anayeanza mie namwambia achukue klika kwa kaa na lala, kidole kina kasi kuliko mdomo na mlio haubadiliki hata ukiwa na hasira. Kwenye tulia neno linatosha, na mikono inabaki kubeba mabegi ya wageni. Nyota 4 kati ya 5, moja nimekata kwa kutu.

Skuizi mgeni akifungua geti Kashata anakaa, anatulia hata nusu dakika mpaka nimwambie "haya". Watoto wakicheza mpira ufukweni hafiki sekunde 10, hapo bado tunajenga. Na kuku wa jirani wakipita, hapo hata ng'ombe mzima umchemshie.