Kitakasa mikono cha kujitoa chenyewe: miezi minne pale mapokezi

Nilikinunua Darajani kwa shilingi 45,000, nikakiweka mezani mapokezi kwenye nyumba yetu ndogo ya wageni, Mkunazini. Kinatumia betri nne ndogo na chupa yake inaingia mililita 450. Ukiweka kiganja chini ya mdomo, kiasi cha sentimita saba, pampu inakutilia tone moja zito.

Wiki ya kwanza kila asubuhi nakuta meza imeloa, mtu hayupo. Bi mmoja anayetusaidia usafi akasema hicho kina wenyewe. Mimi nikatazama saa: kilikuwa kinajimwaga baina ya saa mbili na saa tatu tu, jua linapoingia mlangoni na kupiga sakafu nyeupe. Kihisi chake kinarusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kisha kinangoja urudi kutoka mkononi. Jua nalo lina infraredi tele, na hiki cha bei rahisi hakijui kutofautisha. Nikakinga upande wa mlango kwa kipande cha boksi, kikanyamaza. Nikaondoa boksi, kikamwaga tena. Basi nikakihamishia ukutani, nikakizungushia kihisi ukingo mfupi wa plastiki nyeusi. Tangu hapo hakijajimwaga asubuhi.

Kosa jingine lilikuwa langu: nilitega kisosi cheupe chini yake kudaka matone. Kisosi kikarudisha mwanga kama kiganja, na pampu ikatoa. Nilipokiteremsha sentimita kumi na tano, yakaisha. Jambo moja nalisifu: ukiuacha mkono pale, hakirudii mpaka uutoe.

Kinachoniudhi ni chupa kwisha bila kuambiwa. Taa nyekundu ipo, lakini ni ya betri. Mgeni anaweka mkono, mota inalia, inatoka hewa. Ukisikiliza, mlio unapanda, unakuwa mwembamba, kwa sababu pampu haina cha kusukuma. Fundi wangu wa redio alipima umeme wa mota: ikizunguka tupu inakula kidogo kuliko ikivuta dawa, kwa hiyo mtengenezaji angeweza kuitambua chupa tupu kwa hilo tu. Nilimuuliza kuhusu vile vijiti viwili vya kupimia maji tangini, akasema spiriti haipitishi umeme vizuri kama maji ya kisima, vitadanganya.

Nimejitengenezea hesabu. Nilikinga mikupuo ishirini ndani ya bomba la sindano, nikapata mililita 24, yaani 1.2 kwa mkupuo. Chupa nzima ni kama mikupuo 375. Kwetu msimu wa wageni wengi hiyo ni siku tano, basi najaza kila siku ya nne. Baada ya kujaza, uweke mkono mara nne au tano kwanza, hewa itoke mrijani. Mara ya kwanza sikujua hilo, nikakirudisha dukani nikidhani kimekufa, na muuzaji akanicheka mbele ya watu.