Uzoefu wangu na mfumo wa kujisajili kwa mtihani: cheti kimoja, faili tano, ujumbe mmoja

Nilijisajili mtandaoni kwa mtihani wa kitaaluma, na fomu nzima niliijaza kwa muda usiofika nusu saa, isipokuwa sehemu moja tu, ile ya kupakia nakala ya cheti. Sehemu hiyo ilinichukua siku sita. Maelekezo yake yalikuwa mstari mmoja: faili iwe PDF au JPG, na isizidi 500 KB. Mstari huo unaonekana kujitosheleza, lakini nimeona jinsi unavyoweza kumpotosha mtu anayeufuata kwa uaminifu, na ndiyo maana naandika hatua zangu zote, hata zile nilizokosea.

Cheti changu ni ukurasa mmoja wa A4. Nilikipiga picha kwa aifoni, nikaihamishia picha kwenye kompyuta kwa waya, kisha nikaipakia. Mfumo ukajibu kwa maandishi mekundu: «Faili si sahihi. Tafadhali jaribu tena.» Nilipoitazama faili nikaona jina lake linaishia na .HEIC, nami nikafanya jambo ambalo naamini waombaji wengi hulifanya: nikafuta herufi hizo na kuandika .jpg mahali pake. Ujumbe ukarudi uleule.

Kubadilisha herufi za mwisho za jina hakubadilishi kilichomo ndani ya faili. Mfumo ulioandikwa vizuri hauishii kwenye jina. Husoma baiti za mwanzo za faili yenyewe. Faili ya PDF huanza na alama %PDF-, na ile ya JPG huanza na baiti FF D8 FF, ilhali ya HEIC ina mwanzo wake tofauti kabisa. Aifoni zimekuwa zikihifadhi picha kwa HEIC tangu iOS 11 ya mwaka 2017, kwa sababu huchukua nafasi ndogo kuliko JPG, na mwenye simu huenda asilijue hilo mpaka siku atakapokataliwa. Njia rahisi ya kuliepuka ni kufungua Settings, kisha Camera, kisha Formats, na kuchagua Most Compatible kabla ya kupiga picha. Kwa picha iliyokwisha kupigwa, ni lazima ifunguliwe katika programu ya picha na kuhifadhiwa upya kama JPG.

Hivyo ndivyo nilivyofanya, na hapo ndipo nilipokutana na kasoro ambayo naihesabu kuwa kubwa kuliko zote za mfumo huu. JPG yangu ilikuwa halisi sasa, lakini nilipoipakia nikapata maneno yaleyale: «Faili si sahihi. Tafadhali jaribu tena.» Nikaamini kuwa ubadilishaji umeharibika. Nikaurudia kwa programu nyingine, kisha nyingine tena, na jioni nzima ikapita. Kumbe aina ya faili ilikuwa imekwisha kurekebika, na sasa kilichokataliwa kilikuwa ukubwa wake: picha ilikuwa na MB 3.4, karibu mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa. Hata ile HEIC ya kwanza, yenye MB 1.9, ilikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja. Mfumo unapotumia sentensi moja kwa makosa mawili, mwombaji anayerekebisha kosa la kwanza hupewa jibu linalomwambia kuwa hajarekebisha chochote, naye huacha njia sahihi aliyokuwa ameishika. Jambo hili lilinikera kwa dhati, kwa kuwa kuandika sentensi mbili tofauti si kazi ngumu. Kivinjari kinaweza kujua ukubwa wa faili kabla haijatumwa, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuniacha nisubiri megabaiti zote zipande ndipo nikataliwe, na fomu ifute majibu yangu mengine.

Nilipoelewa kuwa tatizo ni ukubwa, niliiweka picha katika ukurasa wa A4, nikaihifadhi kama PDF, na kuibana kwa programu ya Ghostscript iliyo kwenye kompyuta yangu. Zipo tovuti nyingi zinazobana faili bila malipo, lakini cheti kina jina langu kamili, namba yake na saini za watu, nami sikutaka kukikabidhi kwa seva nisiyoijua. Amri niliyotumia ni hii:

```
gswin64c -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/screen -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ndogo.pdf cheti.pdf
```

Faili ikashuka hadi KB 70. Mfumo ukaipokea mara moja, alama ya kijani ikaonekana, nami nikafunga kompyuta nikijua kazi imekwisha. Siku mbili baadaye nikapokea barua pepe: «Ndugu Mwombaji, nakala ya cheti chako haisomeki. Tafadhali pakia upya kabla ya dirisha la usajili kufungwa.»

Hapo nilitambua kuwa faili hukaguliwa mara mbili. Mkaguzi wa kwanza ni programu, nayo hutazama aina na ukubwa tu. Wa pili ni binadamu anayetaka kusoma jina, daraja, mwaka na namba ya cheti. Kadiri unavyoibana faili ili impendeze wa kwanza, ndivyo unavyomnyima wa pili anachokihitaji, na alama ya kijani haimsemei huyo wa pili.

Kosa langu lilikuwa neno /screen. Mpangilio huo hushusha picha hadi nukta 72 kwa inchi, kiwango ambacho ukurasa mzima wa A4 hubaki na pikseli 595 kwa 842. Namba ya cheti changu imechapishwa kwa herufi ndogo za pointi 8, na kwa nukta 72 kila tarakimu hupata kimo cha pikseli tano au sita tu. Kwa pikseli hizo huwezi kutofautisha 3 na 8. Kwenye skrini ndogo ya simu nakala ilionekana safi, lakini nilipoikuza kwenye kompyuta hadi asilimia 200 nikaona kuwa afisa yule alikuwa na haki. Kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo ni hiki: naikuza faili, natafuta maandishi madogo kuliko yote yaliyomo, na kama siwezi kuyasoma bila kukisia, siitumi hata kama mfumo ungeipokea.

Sikutaka kuendelea kuibana ile picha ya simu. Picha ya simu ina kivuli cha mkono pembeni, ina mwanga usiolingana, na ina chembechembe ndogo ambazo jicho halizijali. JPG huzijali. Hutumia baiti nyingi kuhifadhi kila badiliko dogo la rangi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile MB 3.4 ilikuwa inabeba kivuli na chembechembe, si maandishi. Skana bapa hutoa karatasi nyeupe iliyotulia, na hapo baiti huenda zaidi kwenye herufi. Niliskani cheti kwa nukta 200 kwa inchi, yaani pikseli 1654 kwa 2339, kiwango ambacho herufi ya pointi 8 hupata nafasi ya pikseli kama 22. Rangi niliibakiza. Nilijaribu pia mpangilio wa nyeusi na nyeupe tupu, na kweli faili ilikuwa ndogo sana, lakini muhuri wa bluu ulikatika vipandevipande na saini moja iliyoandikwa kwa wino hafifu ikapotea kabisa. Nakala isiyo na saini ingerudishwa tena.

Vyeti vina ugumu mwingine ambao barua ya kawaida haina. Nyuma ya maandishi kuna mistari myembamba iliyosukwa ili kuzuia kughushi, na mistari hiyo ni mabadiliko ya rangi kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo hata skani safi haikuwa nyepesi kama nilivyotarajia. Faili ilitoka na KB 496 kama Windows ilivyonionyesha. Nikafurahi, kwa kuwa ilikuwa chini ya 500. Nikaipakia, na mfumo ukanijibu: «Faili si sahihi. Tafadhali jaribu tena.»

Wakati huu sikubahatisha. Nilibofya faili kwa kitufe cha kulia, nikafungua Properties, na kuona maandishi haya: 496 KB (508,000 bytes). Windows huhesabu KB moja kuwa baiti 1,024, na kwa hesabu hiyo 500 KB ni baiti 512,000, nami nilikuwa ndani ya mpaka. Anayehesabu KB moja kuwa baiti 1,000, kama kompyuta za Mac zinavyofanya, mpaka wake ni baiti 500,000, na mimi nilikuwa nimeuvuka kwa baiti 8,000. Faili yangu iliangukia katikati ya hesabu hizo mbili. Nilipoishusha chini ya baiti 500,000 na ikapokelewa bila badiliko lingine lolote, nilijua mfumo unatumia hesabu ya 1,000. Ukurasa wa maelekezo haukuandika neno lolote kuhusu hilo, ingawa ungeweza kutaja kiwango kwa baiti na kuondoa utata wote.

Kuishusha kwenyewe kulikuwa kazi ya dakika moja. Sikugusa nukta kwa inchi. Nilihifadhi skani upya kwa kupunguza ubora wa JPG kutoka 80 hadi 70, na ikatoka na baiti 417,000. Niliikuza hadi asilimia 200, nikasoma namba ya cheti tarakimu kwa tarakimu nikiilinganisha na karatasi yenyewe, nikatazama muhuri na saini zote mbili, kisha nikaipakia. Ilipokelewa, na siku iliyofuata hali ya ombi langu ikabadilika kuwa «Nyaraka zimethibitishwa», saa chache kabla ya dirisha kufungwa.

Naupa mfumo huu nyota mbili kati ya tano. Nyota hizo ni za afisa aliyeandika barua pepe ile, kwa sababu alisema wazi kilichokosekana na akanipa nafasi ya kurekebisha badala ya kulitupa ombi. Kiwango cha 500 KB sikilalamikii, kwa kuwa kinatosha kwa ukurasa mmoja unaosomeka vizuri. Ninacholalamikia ni ule ujumbe mwekundu, ambao kwa siku sita haukuwahi kunieleza kama kosa ni aina ya faili au ni ukubwa. Ningeomba wahusika waanze na sentensi hiyo kabla ya dirisha lijalo la usajili.