Chai na chapati au kinyozi: wateja wangapi kwa wiki?

Tuseme umepata nafasi mbili za biashara Kawangware, Nairobi, kibanda cha chai na duka la kinyozi, na unataka ujilipe shilingi 6,000 kwa wiki. Hiyo iandike pamoja na gharama tangu mwanzo. Ukingoja faida ndiyo ikulipe, utafanya kazi bure.

Kibandani, mteja analipa 70. Unga, mafuta, maziwa na makaa vinakula 40, zinabaki 30. Kodi ya kibanda kwa wiki ni 1,500, ukijumlisha na malipo yako ni 7,500. Gawanya kwa 30: wateja 250.

Kinyozi anatoza 150, na wembe na spiriti vikitoka, zinabaki 130. Kodi, stima na akiba ya mashine kwa wiki ni 3,750. Jumla na malipo yako ni 9,750, gawanya kwa 130: wateja 75.

Kinyozi kinaonekana rahisi, lakini hapo ndipo wengi hukosea. Mnywa chai hurudi kila siku ya kazi, kwa hiyo watu 50 wakija siku tano wanatosha. Anayenyolewa hurudi baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo unahitaji watu 150 tofauti. Mtaa mgeni kwako, mimi ningeanza na chai. Kwanza kaa karibu na kibanda kilichopo, asubuhi mbili, uhesabu wanaonunua.