Nimemuingiza binamu kwenye picha ya familia kwa GIMP, uzoefu wangu

Jamani nimeona watu wengi wanauliza kama GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha, inafaa kwa kazi ya maana au ni ya kuchezea tu, basi ngoja niwape ya kwangu maana mimi sio mtu wa studio, nina laptopu ya kawaida na bibi mmoja mwenye maneno mengi.

Iko hivi. Tulipiga picha ya ukoo mzima kwa bibi, Tanga, uani chini ya mwembe, sare ya kitenge kimoja wote, mpiga picha wa kulipwa na kamera yake nzuri ya megapikseli 24. Binamu yangu mtoto wa mjomba hakuwepo. Yeye ni dereva wa malori ya Zambia, siku ile kakwama Tunduma kwenye foleni, na shati la sare analo kwenye begi limepigwa pasi kabisa. Bibi alipoletewa picha kwenye simu kaiangalia weee, akauliza "na mume wangu mwingine yuko wapi?" (sisi wajukuu wa kiume wote ni waume zake). Nikajua hapa kuna kazi.

Kabla sijafungua hata programu nikampigia binamu mwenyewe. Kuna shangazi alishanitumia picha yake ya zamani ya harusini, eti mkate mbandike, nikakataa, maana uso ni wa mtu, unamuuliza kwanza. Binamu akacheka kisha akanipa masharti yake: bibi aambiwe kwamba kaongezwa, asidanganywe, picha ya kutumia aipige mwenyewe sasa hivi na sio ile ya harusini akiwa mwembamba, asimame karibu na baba yake, na aione kabla haijaenda kuprintiwa. Nikamwambia binamu umeeleweka. Na bora alivyokataa ile ya zamani, kwa sababu ilikuwa ya usiku ukumbini na flashi ya usoni, hiyo huwezi kuiweka kwenye jua la jioni ikakaa, hata ufanyeje.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hii ndo asilimia kubwa ya kazi na wala haifanyiki kwenye kompyuta. Kukata mtu kwenye picha kila mtu anaweza, kinachofanya macho yakatae ni jua na urefu. Nikaikuza picha ya bibi nikaangalia kivuli cha pua za watu: kimeangukia shavu lao la kushoto, yaani jua lilikuwa mkono wao wa kulia, limeshuka kidogo. Picha ilipigwa saa kumi na nusu jioni. Tunduma iko magharibi mbali, saa za kule na za Tanga ni zilezile lakini jua la kule linachelewa kama dakika 25 kulinganisha na Tanga, kwahiyo nikamwambia apige saa kumi na moja kasoro dakika tano, jua liwe bega la kulia. Urefu nao una ujanja wake. Kamera ikiwa usawa wa kifua, basi kila aliyesimama kwenye ardhi tambarare, awe mbele awe nyuma, ule mstari wa usawa wa kamera unampita kwenye kimo kilekile kutoka chini. Kwenye picha yetu mstari ulipita kwenye kifua cha mjomba, kama mita moja na robo, nikamwambia utingo wake ashike simu usawa huohuo, asiiinamishe, arudi nyuma mita sita kama alivyosimama mpiga picha wetu. Ukipiga kwa karibu pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma, halafu unashangaa kwanini mtu anaonekana kama kabandikwa.

Utingo simu yake ina kamera ya megapikseli 50 ila mpaka uichague mwenyewe kwenye kamera, ukiacha hivihivi inapiga ndogo. Tuliichagua kwa sababu kwa umbali ule kwenye picha ndogo kichwa kingekuwa na pikseli mia na kitu tu, wakati vichwa vya wenzake kwenye picha ya kamera vina kama 270. Kwenye ile kubwa kichwa kikaja kama 235, hapo ukikuza kidogo haionekani. Halafu akatuma WhatsApp kama Document, sio kama picha, maana ukituma kama picha ya kawaida inasagwa mpaka upande mrefu unabaki pikseli 1600 hivi na umekwisha.

Nyuma yake nilimwambia atafute kitu cheusi au cha kijani, asisimame kwenye ukuta mweupe, kwa sababu nyuzi za nywele zinabeba rangi ya kilicho nyuma, na mtu wa ukuta mweupe ukimweka mbele ya mwembe anakuwa na duara jeupe kichwani kama malaika. Yeye akasimama mbele ya turubai la kijani la lori lake. Safi sana kwa nywele, ila turubai likamrudishia ukijani shingoni na chini ya sikio, nitalisema hilo mbele.

Haya GIMP yenyewe. Ninatumia toleo la 3.0, lile la Machi 2025. Picha ya bibi nikaifungua, ya binamu nikaiingiza kwa Open as Layers ikakaa juu yake. Nikamzungushia mstari na Paths (herufi B), vidoti vidoti kwenye mabega na mikono, Enter inageuka kuwa uteuzi, kisha Add Layer Mask na kuchagua Selection. Msikate na kufuta kabisa jamani, maski haifuti kitu, unapaka nyeusi panafichika unapaka nyeupe panarudi. Nywele sikuzizungushia mstari, nilipaka kwenye maski kwa brashi laini.

Kumuweka wapi? Wengi wanamweka mtu pembeni kabisa mwa mstari kwa sababu ni rahisi, na ndo maana inajulikana. Nilimweka mstari wa nyuma kati ya mjomba na dada wa binamu, palikuwa na upenyo unaonyesha majani tu, nikapaka maski nyeusi mpaka bega la mjomba likaja mbele yake na kilemba cha dada kikafunika mkono wake. Akishafunikwa na watu wa kweli jicho linaamini yuko katikati yao, na miguu haionekani kwahiyo sikuhangaika na kivuli cha chini ambacho ndo kigumu kuliko vyote. Ila kivuli cha mjomba ilibidi, yeye yuko upande wa jua, lazima amuangushie mwanae kivuli kidogo begani. Leya mpya, Mode nikaweka Multiply, brashi kubwa laini, rangi ya kahawia iliyokolea, Opacity kama 35. Na kivuli chembamba cha binamu kwenye bega la dada yake, hicho watu wanakisahau.

Shingo ya kijani sasa. Nilijaribu Hue-Saturation kushusha kijani haikusaidia sana, kwa sababu ngozi yetu ikiguswa na kijani inageuka njano-njano, na ukishusha njano uso mzima unakuwa wa majivu. Kilichofanya kazi ni leya mpya yenye Mode ya HSL Color, unachukua rangi ya ngozi kwenye shavu lake lenye jua, unapaka shingoni taratibu kwa brashi hafifu. Hiyo inabadili rangi tu, mwanga na kivuli vinabaki kama vilivyo. Kisha Curves kumuongezea weusi kidogo maana simu inainua vivuli mno, Gaussian Blur ndogo chini ya pikseli moja maana simu inachonga kingo kupita kiasi, na HSV Noise kidogo ili afanane na chembechembe za kamera. Uzuri wa hii 3.0 ni kwamba filta zinabaki kwenye leya, unaweza kurudi ukazirekebisha baadae bila kuanza upya, kwenye 2.10 ukishabonyeza ndo imetoka hiyo.

Namna ya kujipima: punguza picha iwe ndogo kama stempu, anayeruka macho ndiye mwenye kasoro. Halafu igeuze kushoto kulia, na tatu ifanye nyeusi na nyeupe uone kama uso wake una mwanga sawa na wenzake. Kwangu hiyo ya tatu ndo iliyonionyesha paji la uso linang'aa kuliko la mjomba, nikashusha.

Ubaya wake nao niseme. Kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 picha ya pikseli 6000 kwa 4000 yenye leya kadhaa inakuwa nzito, unapaka brashi inakuja nyuma yako, funga vyote vingine kwanza. Save inahifadhi XCF tu, ukitaka JPEG ni Export As, na anayeanza lazima atahangaika hapo. Na wenye studio wakitaka faili la CMYK, kazi yenyewe huwezi kuifanya ndani ya CMYK, unaigeuza tu mwishoni kwenye Export, mimi nilipeleka JPEG ya sRGB wakaprinti A3 ikatoka vizuri, A3 kwa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 4961 kwa upande mrefu kwahiyo 6000 zinatosha na chenji inabaki.

Kabla ya kuprinti nikamtumia mwenyewe kama tulivyokubaliana. Akajibu kwa sauti: "Binamu uko vizuri, ila mbona baba amenifunika bega lenye saa, hii saa nimeinunua Lusaka bwana." Nikamwambia saa huvaliwa mkononi sio begani, na mkono umefunikwa na kilemba cha dada yako, kagombane naye. Akakubali. Nyuma ya fremu tukaandika kwa kalamu kwamba yeye picha yake imepigwa Tunduma na kuongezwa, hilo lilikuwa sharti lake na mimi naliona la maana, miaka ikipita mtoto atauliza.

Bibi nilimpelekea mwenyewe nikamweleza yote. Akavaa miwani akamtafuta kwa kidole mstari mzima, akampata, akasema "huyu hata kwenye picha anakuja kachelewa". Imekaa sebuleni juu ya redio.

Nampa GIMP nyota nne, moja nimeikata kwa uzito na ile Save. Kwa bure mnataka nini tena. Ila sasa nimepata tabu nyingine, yule shangazi wa picha ya harusini kaja kuniomba nimtoe aliyekuwa mkwewe kwenye picha ya mwaka juzi. Nimemwambia alete kwanza ruhusa ya mwenyewe, amenuna mpaka leo.