Transfoma ya kifaa cha Kijapani: angalia uwiano wa mizunguko kabla ya wati

Mwaka jana nilinunua sokoni Kibuye, Kisumu, sufuria ya umeme ya kupikia wali iliyotoka Japani ikiwa mtumba. Kibandiko chake kilisema volti 100, wati 600. Nikaenda katika duka moja la vifaa vya umeme, nikauziwa transfoma ya wati 1,000 ambayo muuzaji aliniapia kuwa "inashusha umeme kwa vifaa vyote vya nje". Wali uliungua chini siku ya kwanza, na katika wiki ya tatu sufuria ikafa. Wasomaji wawili wa Nakuru wameniandikia kisa kama hicho kuhusu cherehani zao.

Sitakaa kwenye wati: chagua transfoma inayozidi mahitaji ya kifaa chako kwa angalau nusu, basi. Kasoro isiyotazamwa ni uwiano wa mizunguko ya waya.

Ndani ya transfoma mna koili mbili zilizozungushiwa kiini kimoja cha chuma. Umeme wa ukutani hubadilisha mwelekeo wake, na hivyo huufanya usumaku wa kile chuma kupanda na kushuka mfululizo; kwa kuwa usumaku uleule hupita katika koili zote mbili, kila mzunguko wa waya, uwe upande wa kuingizia au wa kutolea, hupata volti sawa. Tuseme koili ya kuingizia ina mizunguko 480 na soketi inatoa volti 240: kila mzunguko unabeba nusu volti. Ukiweka mizunguko 240 upande wa pili utapata volti 120, ukiweka 200 utapata 100, na ukiweka 960 utapata 480, kwa sababu sasa unapandisha.

Transfoma niliyouziwa ilikuwa imeandikwa 220 kwa 110, yaani uwiano wa mbili kwa moja. Kwangu soketi ilisoma volti 244, na wakati sufuria ikifanya kazi transfoma ilitoa 120. Kifaa cha kupasha joto hakiongezi nguvu kwa kadiri ya volti peke yake, bali kwa kipeo chake cha pili: 1.2 mara 1.2 ni 1.44, kwa hiyo sufuria ya wati 600 ilikuwa ikichemka kwa wati 864. Nilihitaji uwiano wa 2.4 kwa moja, ambao kwa soketi ileile ungetoa takriban volti 102.

Kwa hiyo, kwa kifaa cha Japani, chaguo langu la kwanza ni transfoma ya Nissyo, kampuni ya Kijapani inayotengeneza transfoma za kushushia hadi volti 100. Hakikisha kibandiko kimetaja 240 kuingia na 100 kutoka. Ninaipendelea waziwazi, na sufuria yangu ya pili inaitegemea. La pili ni kumwendea fundi anayefunga upya mota, umwagize koili mbili zilizotengana kabisa kwa uwiano wa 240 kwa 100. La tatu ni ile ya mbili kwa moja, ambayo ni nzuri kwa vifaa vya Marekani vya volti 120, wala si kwa vya Japani. Vile vidude vyepesi vya bei ya chini visivyo na kiini kizito cha chuma, viache.

Dukani, nenda na multimita. Pima soketi, kisha pima upande wa kutolea papo hapo, ugawanye. Jibu likiwa 2.0, hiyo ni ya Marekani. Likikaribia 2.4, chukua, hata 2.3 bila mzigo si kosa, kwani watengenezaji wengine huongeza mizunguko kidogo ili kufidia volti zinazopotea katika waya kifaa kinapofanya kazi. Usikubali kuigeuza transfoma hiyo kwa kuingiza 240 upande wa 100, kwa sababu itataka kutoa 576 upande wa pili, chuma kitashiba usumaku, mkondo utapanda ghafla, na fyuzi itakatika au waya utaungua.

Linaloniudhi zaidi ni wauzaji wanaoiita transfoma hii kidhibiti cha volti na kuongeza bei kwa jina hilo. Uwiano haubadiliki: soketi ikishuka hadi 200 jioni, ile ya 2.4 itatoa 83 tu, na wali utabaki mbichi. Nilipomrudishia muuzaji transfoma pamoja na vipimo nilivyoviandika, alinijibu kuwa wateja wengine hawajalalamika, akakataa kunirudishia pesa.