Kituo atamizi au akselereta? Nimepitia vyote viwili

Tuliingia kituo atamizi, yaani mahali pa kulelea biashara changa, wakati mfumo wetu wa kufuatilia bidhaa ghalani ungali michoro tu. Akselereta ilikuja baadaye, tukiwa tayari na wateja wachache wanaolipa.

Kituo kilitupa meza, intaneti, anwani ya kusajilia kampuni na mwanasheria wa kupitia mikataba yetu. Tulilipa kodi ndogo, na hisa zetu hazikuguswa. Mtindo huu ni wa zamani: mwaka 1959 huko Batavia, jimbo la New York, jengo kubwa la kiwanda lilikosa mpangaji mmoja wa kulichukua lote, likagawanywa kwa biashara ndogondogo. Kwetu utulivu ule ulisaidia, maana bidhaa ilihitaji muda. Lakini hakuna aliyekuwa anatusukuma. Jirani yangu wa meza, kila nikichungulia skrini yake, alikuwa anabadilisha rangi ya nembo. Mteja hakuwa naye hata mmoja, na hakuna aliyemuuliza.

Akselereta ni mbio. Mnaingia kundi zima kwa pamoja, mnakaa takriban miezi mitatu, kisha mnasimama mbele ya wawekezaji. Mshauri wetu hakutaka kuona slaidi. Kila wiki swali lake lilikuwa lilelile: "Nani mpya amelipa?" Kasoro niliyoiona ni washauri wengi mno, mmoja anasema pandisha bei, mwingine kesho yake anasema toa bure.

Bei yenyewe hulipwa kwa hisa, na hapo ndipo wengi husoma juujuu. Chukua Y Combinator, akselereta ya Marekani iliyoanza 2005, kwa kuwa masharti yake yako hadharani. Inatoa dola 500,000, lakini kwa mafungu mawili. Dola 125,000 ni kwa asilimia 7. Zile 375,000 huingia kwa SAFE, mkataba wa kupokea fedha sasa na kutoa hisa baadaye. Huu hauna kikomo cha thamani ya kampuni ya kukokotolea hisa hizo, ila una haki ya kuchukua masharti bora utakayompa mwekezaji wa baadaye. Tuseme baadaye unampa mtu SAFE yenye kikomo cha dola milioni 10, thamani inayojumuisha fedha za SAFE zote. Zile 375,000 nazo zitahesabiwa kwa kikomo hicho, yaani asilimia 3.75. Jumla umeachia 10.75, na huyo mwekezaji mpya bado hujamhesabu. Anayekwambia "ni asilimia 7 tu" amesoma fungu la kwanza.

Kama bado hujui nani atanunua, mimi ningekushauri uanzie kituoni, ila jiwekee mwenyewe tarehe ya kuondoka. Ukishapata wateja na kinachokukwamisha ni mtaji na watu wa kukufungulia milango, akselereta inastahili hisa zake. Kabla ya kusaini, watafute waliomaliza miaka miwili iliyopita, uwaulize ni wawekezaji wangapi walijibu simu baada ya ile siku ya maonyesho. Walioko ndani bado wana furaha ya kuchaguliwa.