Vitasa vya duara nilivyoviondoa, na kimoja nilichokiacha

Ijumaa moja mwaka jana nilikwama bafuni kwangu. Mlango haukuwa na komeo wala funguo, na kitasa kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa mikono yangu. Ilikuwa na sabuni, vidole havikunjiki, na kile kitasa cha duara kikawa kinanitoka kiganjani kama yai lililomenywa. Nikakizungushia kanga, nikakibana kwa viganja viwili, ndipo nikatoka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshampigia fundi seremala.

Nina miaka 61, nilikuwa mwalimu, ninaishi Tanga. Nina baridi yabisi ya vidole. Asubuhi vinaamka vimekakamaa na vinachukua zaidi ya saa nzima kulegea. Mwaka huu mmoja nimebadilisha vitasa vinne vya duara nikaweka vya mkono, yaani vile vya kubonyeza chini. Cha kwanza nilikosea, na hela ikaenda. Ndiyo maana naandika.

Kwanza niseme kwa nini duara linaumiza, maana nilidhani ni kule kuzungusha. Sivyo. Kuzungusha kwenyewe ni kazi ndogo. Kinachoumiza ni kubana, kwa sababu bila kubana kiganja kinateleza, na kikiwa na maji au mafuta lazima ubane zaidi. Ukibana kitu kwa ncha ya dole gumba na kidole cha shahada kwa nguvu ya kilo 1, kile kiungo cha chini kabisa cha dole gumba, karibu na kifundo cha mkono, hubeba kama kilo 12. Hapo hapo ndipo panaponiuma mimi. Kitasa cha mkono hakitaki kubanwa. Unaweka kiganja juu yake, au ngumi, au hata kiwiko ukiwa umebeba beseni, na uzito wa mkono wako ndio unaofanya kazi. Tena ni kirefu: duara langu la zamani lilikuwa na sentimita 2.5 tu kutoka katikati hadi ukingoni, huu mkono una 10. Ukiubonyeza karibu na ncha, nguvu inayotakiwa ni kama robo.

Sasa, kabla hata ya kununua chochote, fundi alinifundisha jambo lililoniokolea mlango mmoja. Alifungua mlango wa chumbani ukawa wazi kabisa, akaniambia, "Mwalimu, zungusha sasa." Likazunguka kwa urahisi, hata kwa mkono wangu. Aliporudisha mlango kwenye fremu, likawa gumu. Maana yake kitasa hakikuwa na kosa. Mlango ulikuwa umeshuka kidogo kwenye bawaba ya juu, na ule ulimi wa kitasa ulikuwa unasugua kile kibati cha kwenye fremu. Akaniomba wanja. Nilicheka, lakini nikampa. Akaupaka ulimi, akafunga mlango, akafungua, na alama nyeusi ikabaki ukingo wa chini wa tundu la kibati. Akakaza skrubu za bawaba, akaweka skrubu moja ndefu zaidi iliyofika kwenye mti imara, kisha akalipiga tupa tundu kama milimita 2. Nguvu ikapungua bila ya kubadilisha kitu. Kama mlango wako ni wa mbao na mvua za masika zimeanza, fanya jaribio hili kwanza, kwa sababu mti ukivimba hata kitasa cha bei gani hakitakusaidia.

Mlango wa bafuni ulipita jaribio hilo, kwa hiyo ulihitaji kitasa kipya kweli. Nilikwenda dukani peke yangu nikachagua kwa macho: mkono mwembamba, bapa, ncha imechongoka, unang'aa. Shilingi elfu 22. Ndani ya wiki moja ile ncha ilikuwa imenasa kanga yangu mara tatu, na siku moja ikanivuta nusura nianguke kwenye sakafu yenye maji. Isitoshe, springi yake ilikuwa kali. Nilipima kwa mfuko wa plastiki na chupa za maji, kwa kuwa lita 1 ya maji ni kilo 1: nikauning'iniza mfuko kwenye ncha ya mkono, nikaongeza chupa hadi ulimi ukaingia wote ndani. Zilitakiwa lita 3. Mpwa wangu aliye mhandisi alinieleza kuwa viwango vya Marekani vya 2010 vya majengo ya watu wenye ulemavu vinataka kitasa kifunguke kwa mkono mmoja, bila kubana wala kukunja kifundo, na kwa nguvu isiyozidi ratili 5, ambayo ni kilo 2 na robo hivi. Changu kilikuwa kimezidi hapo. Kile nilichonunua baadaye kinashuka kwa chupa moja ya lita 1, na tofauti hiyo naisikia kila alfajiri.

Mara ya pili nilimwacha fundi apime kwanza. Tundu la duara langu lilikuwa na upana wa milimita 54, na kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu zilikuwa 60. Vitasa vingine hutaka 70, na ukikosea hapo ulimi hautakutana na kitasa. Kwa vipimo hivyo tulipata cha mkono kinachoingia tundu lile lile, bila patasi, kazi ya nusu saa. Angejaribu kuweka kile cha kibati kirefu chenye tundu la funguo chini, angelazimika kuchimba mlango upya, na kwa mlango mwembamba wa plaiwudi, ambao ndani ni mtupu, hakuna cha kushika skrubu. Uliza pia kama mkono unageuzwa kulia na kushoto. Vingine ni vya upande mmoja tu, na ukivifunga kinyume vinatazama juu.

Nilichochagua: mkono wa mviringo wenye unene kama wa mpini wa mwiko, ncha imekunjwa kurudi mlangoni ili nguo isinase, wa chuma cha pua. Hili la mwisho ni la sisi wa pwani. Vile vya kupakwa rangi ya dhahabu hapa Tanga huanza kubambuka baada ya miezi michache, na chumvi ikiingia ndani springi inakwama. Shilingi elfu 38, na fundi elfu 10 kwa mlango. Kwa kufungia bafuni nilikataa kile kijiduara kidogo cha kusokota katikati, maana ni duara lile lile nililolikimbia, limefanywa dogo zaidi! Nilichukua cha kitufe: unakisukuma kwa kifundo cha kidole, na ukibonyeza mkono kutoka ndani kinajifungua chenyewe. Nje kuna kitundu ambacho mtu anaweza kukufungulia kwa msumari iwapo wewe umeanguka ndani. Kwa umri wetu, usinunue kisicho nacho.

Kasoro zipo. Mwezi wa nane mkono wa sebuleni ulianza kulala chini, haurudi. Fundi alikuta kiskrubu cha kushikilia mkono kimelegea, akakikaza kwa kile kifunguo cha pembe sita kinachokuja kwenye boksi (mimi nilikuwa nimekitupa, yeye alikuwa nacho). Chanzo tulikijua: mjukuu wangu mkubwa huuning'inia. Mimi pia nilikuwa nauegemea nikivaa viatu, na hilo ni kosa, kwa kuwa kitasa si cha kushikilia mwili. Ukihitaji pa kushika, weka chuma cha ukutani.

Mlango wa mbele tangu zamani una mkono, shida yake ilikuwa funguo. Kichwa cha funguo ni chembamba, na kukisokota ni kubana kwa ncha za vidole, yale yale ya kilo 12. Fundi alichukua vipande viwili vya mbao vya sentimita 8, akakibana kichwa cha funguo katikati kwa skrubu mbili, akapiga msasa. Sasa nazungusha kwa ngumi nzima. Ila tahadhari: kwa urefu ule husikii tena kitasa kikikataa. Nilivunja funguo moja ndani kwa kulazimisha. Ikigoma, vuta mlango kwako kidogo kwanza, halafu jaribu tena. Na usimimine mafuta ya kupikia kwenye tundu la funguo kama nilivyofanya. Yanashika vumbi na kugeuka gundi. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Jikoni nilibadilisha koki ya kusokota nikaweka ya mkono ya robo mzunguko. Ile ya zamani ilikuwa na washa ya mpira iliyochakaa, na kadiri inavyochakaa ndivyo nilivyoikaza zaidi kila usiku ili isidondoshe. Hii mpya ina visahani viwili vya kauri ndani, haihitaji kukazwa, naifunga kwa mgongo wa mkono. Kabla ya kuifunga mwambie fundi bomba afungulie maji yatiririke kwenye ndoo, kwa sababu mchanga wa kwenye bomba ukiingia kati ya visahani hivyo unavikwaruza, na itavuja.

Dada yangu Mombasa ni mpangaji, mwenye nyumba hataki vitasa viguswe. Nilimpelekea utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili. Auzungushie kwenye duara mara tatu akiuvuta, ncha aifutike chini ya mzunguko wa mwisho. Duara linanenepa na halitelezi tena, na kwa kiganja kizima anafungua. Anasema umemsaidia nusu, naamini ni kweli, kwa kuwa mpira unapunguza kubana lakini kifundo bado kinakunjwa. Nilijaribu pia kile kishikizo cha plastiki cha kuvalisha juu ya duara ili liwe kama mkono. Kwenye duara langu laini kilizunguka peke yake, duara likabaki pale pale. Nilipokifunga juu ya utepe wa mpira kikashika, lakini kikawa kinagonga fremu kila nikifunga mlango. Kwa mlango ambao kitasa kimekaa karibu na ukingo, usihangaike nacho.

Duara moja nimeliacha, la stoo. Kitasa cha mkono hata mtoto anakiweza, na mjukuu wangu wa miaka miwili alikijua cha sebuleni ndani ya siku moja. Stoo kuna mafuta ya taa na sumu ya panya, na lile duara bado linamshinda. Linanishinda na mimi, kwa hiyo nikitaka kitu namwita kaka yake.